Ratiba ya gari la uwanja wa ndege kwa Kiswahili: saa zisizo na utata, nauli na muda wa kusubiri

Naandika hatua kwa hatua, na nitakuwa naongeza kila sehemu inapokamilika, ili mwenye kazi kama hii asianzie sifuri. Kazi yenyewe: hoteli moja ya Kariakoo, Dar es Salaam, ina Koasta moja na Noah moja za kupeleka na kupokea wageni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Ratiba na nauli zao ziko kwenye karatasi moja ya Kiingereza. Wageni wao wengi ni wafanyabiashara kutoka Mwanza, Mbeya, Bujumbura na Lubumbashi, watu wanaosema Kiswahili kutwa. Meneja anataka karatasi hiyo kwa Kiswahili, ibandikwe mapokezi, ndani ya magari na kwenye kila chumba.

## Jumatatu, 1 Septemba 2025: Kupokea karatasi

Safari za kwenda uwanjani ni nane kwa siku: 4:30 AM, 5:45 AM, 8:00 AM, 11:00 AM, 2:00 PM, 5:00 PM, 8:00 PM na 12:30 AM. Chini kuna jedwali la nauli, kisha mistari sita ya masharti ya kusubiri. Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja. Tumekubaliana Sh 120,000, pamoja na marekebisho.

Kabla ya kutafsiri nilikaa saa nzima na dada wa mapokezi nikamuuliza ni wapi wageni wanakosea. Akataja mambo matatu bila kufikiri: wanakosea saa za alfajiri, wanakosea siku ya gari la usiku wa manane, na wanagombana na dereva kuhusu kusubiriwa. Niliyaandika pembeni. Shajara hii yote imezunguka mambo hayo matatu, na moja la nauli ambalo hakulitaja.

## Alhamisi, 4 Septemba: Rasimu ya kwanza imeanguka

Rasimu ya kwanza nilibadilisha kila saa kuwa ya Kiswahili na kuiandika kwa tarakimu, kama tunavyoandika kwenye kadi za harusi. Safari ya kwanza ikawa "Saa 10:30 alfajiri".

Nilichapa nakala mbili, moja nikampa mzee anayeendesha Koasta. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, halafu akaniambia: "Mwanangu, hapa mgeni ataona kumi na nusu. Atafungua simu, ataweka kengele ya kumi na nusu. Simu itamwamsha saa nne na nusu asubuhi, sisi tumeshaenda na kurudi."

Ndivyo ilivyo. Kengele ya simu haijui Kiswahili. Mtu anasema saa kumi na nusu kwa mdomo, lakini kwenye kioo cha simu anaandika 04:30, na hesabu ya kutoka moja kwenda nyingine anaifanya kichwani. Ukimpa tarakimu zilizokwisha kugeuzwa, ama atazigeuza tena, ama ataziingiza kama zilivyo. Tiketi ya ndege nayo ina tarakimu za simu, kwa hiyo mgeni ana karatasi mbili mkononi, zote zina tarakimu, na tarakimu hizo zinahesabu kutoka mahali tofauti.

Nikaweka kanuni ambayo sijaivunja tangu siku hiyo: tarakimu ni saa ya simu, maneno ni saa ya Kiswahili. Tarakimu zote zinakwenda kwa saa 24, kuanzia 00:00 hadi 23:59. Saa ya Kiswahili haiandikwi kwa tarakimu popote kwenye karatasi. Inaandikwa kwa herufi na inafuatwa na neno la kipindi cha siku. Herufi za AM na PM nimezitoa kabisa, maana hata kwa anayezijua, 12:30 AM inamtatiza.

Gharama ya kosa hili: nakala mbili za majaribio, Sh 1,000, na siku mbili za kazi.

## Jumamosi, 6 Septemba: Safu mbili, na neno "kasorobo"

Jedwali sasa lina safu mbili, ya simu na ya mdomo. Kwa kuwa ratiba itabadilika kila mashirika ya ndege yanapobadilisha safari, nilitaka jedwali la kompyuta lifanye hesabu lenyewe. Jaribio la kwanza lilikuwa kutoa sita tu. Kwa 08:00 linaleta mbili, sawa. Kwa 04:30 linaleta hasi mbili. Fomula iliyofanya kazi ni hii, saa ya simu ikiwa kwenye A2:

```
=MOD(HOUR(A2)+5,12)+1
```

Ijaribu kwenye saa ngumu kabla ya kuiamini: 06:00 ilete 12, 07:00 ilete 1, 12:00 ilete 6, 18:00 ilete 12, 00:30 ilete 6. Saa hizi tano zikipita, nyingine zote zinapita.

Kosa halikutoka kwenye fomula, lilitoka kwangu. Safari ya pili ni 05:45. Fomula ikaleta 11. Nikaandika kama ninavyosema kila siku, "kasorobo", na mbele yake nikaweka namba ya fomula: "saa kumi na moja kasorobo alfajiri". Hiyo ni 04:45, saa nzima kabla ya gari. Ilipaswa kuwa saa kumi na mbili kasorobo, kwa sababu kasoro inahesabu kwenda nyuma kutoka saa inayofuata, wakati fomula inatoa saa iliyokwisha kupita. Dada wa mapokezi ndiye aliyeliona, kwa sababu alisoma safu zote mbili kwa sauti. Kimya kimya nilikuwa nimelipita mara tatu.

Ningeweza kuongeza masharti kwenye fomula ili dakika zikizidi 30 saa ipande. Niliamua tofauti: kwenye karatasi hii hakuna kasoro kabisa. "Na robo" na "na nusu" zinabaki kwa kuwa hazihamishi saa. 05:45 inaandikwa "saa kumi na moja na dakika arobaini na tano". Ni ndefu, na najua hakuna anayeongea hivyo barabarani. Lakini kasoro ina tatizo la pili: inavuka mpaka wa kipindi. 15:50 ukiiita saa kumi kasoro dakika kumi, ni ya mchana au ya jioni? Nimeuliza watu wanne nikapata majibu mawili. Saa tisa na dakika hamsini mchana haina mgogoro.

Kuhusu vipindi: saa kumi na moja ipo mara mbili kwenye ratiba hii (05:45 na 17:00) na saa mbili pia ipo mara mbili (08:00 na 20:00), kwa hiyo neno la kipindi linabeba mzigo wote. Nimegawa hivi: alfajiri ni 04:00 hadi 05:59, asubuhi 06:00 hadi 11:59, mchana 12:00 hadi 15:59, jioni 16:00 hadi 18:59, usiku 19:00 hadi 03:59. Wapo wanaosema saa moja jioni na wapo wanaosema saa moja usiku, na wote wanaelewana. Muhimu ni kwamba katika karatasi moja neno lisibadilike.

## Jumatano, 10 Septemba: Gari la usiku wa manane

Safari ya nane ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko nyingine zote. Inaondoka 00:30, inawahi ndege za usiku. Utata wake hauko kwenye saa, maana kila mtu anakubali kwamba ni saa sita na nusu usiku. Swali ni usiku wa siku gani.

Mgeni ana ndege ya Jumamosi saa tisa na nusu usiku, tiketi inasema tarehe 13, 03:30. Gari lake linaondoka 00:30 ya tarehe 13. Kwa kalenda ya simu, Jumamosi imeshaingia nusu saa nyuma. Kwa mtu ambaye bado hajalala, hiyo ni Ijumaa usiku. Na kwa wazee wa pwani, wanaohesabu siku kuanzia jua linapozama, Jumamosi iliingia tangu magharibi. Ukimwambia "usiku wa Jumamosi" anaelewa usiku ulio kabla ya mchana wa Jumamosi, wakati kijana wa bara anaelewa usiku unaofuata mchana huo. Hapo tofauti ni siku nzima, na ndege haipo tena.

Nilifanya jaribio dogo. Niliandika "Jumamosi, 00:30, saa sita na nusu usiku", nikawauliza watu sita, wageni watatu, wafanyakazi wawili na mlinzi: "Utashuka na mabegi lini, Ijumaa ukishakula chakula cha usiku, au Jumamosi ukishakula chakula cha usiku?" Wanne walisema Ijumaa. Wawili walisema Jumamosi, na mmoja wa hao wawili alikuwa mgeni mwenye tiketi ya usiku huohuo.

Kiswahili kina dawa yake tayari, tena tunaisikia redioni kila siku: *usiku wa kuamkia*. Mstari sasa unasomeka: "Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa sita na nusu usiku". Siku zote mbili zimetajwa, na hakuna njia ya kuisoma vibaya, si kwa kalenda ya simu wala kwa hesabu ya magharibi. Kwa kuwa gari lipo kila siku, karatasi ya ukutani haiwezi kutaja siku saba, kwa hiyo imeandikwa: "00:30, saa sita na nusu usiku. Huu ni usiku wa kuamkia tarehe iliyo kwenye tiketi yako. Tiketi ikisema tarehe 13, shuka na mizigo usiku wa tarehe 12 kabla ya kulala." Sentensi ya mwisho nilitaka kuifuta kwa urefu wake. Niliwaonyesha watu walewale sita mistari yote miwili, wenye sentensi hiyo na usio nayo, na wote sita walisema iachwe.

Dada wa mapokezi naye amebadilisha daftari la kuwekea nafasi. Safu ya tarehe ya safari ya 00:30 sasa ina nafasi mbili zenye neno "kuamkia" katikati, hivyo hawezi kujaza moja tu.

## Jumamosi, 13 Septemba: "Hadi saa moja"

Leo ndipo nilipogundua kosa kubwa kuliko yote, na lilikuwa limekaa kwenye rasimu zangu zote tangu mwanzo.

Sharti la kwanza la Kiingereza linasema dereva atamsubiri mgeni uwanjani kwa muda usiozidi saa moja. Nilikuwa nimeandika: "Dereva atasubiri hadi saa moja." Leo asubuhi mgeni kutoka Mbeya aliyekuwa anasubiri chai alisoma nakala yangu, akauliza kwa heshima kabisa: "Samahani, hii saa moja ni ya asubuhi au ya usiku? Maana mke wangu anatua saa tatu."

Saa moja ni urefu wa muda, na saa moja ni 07:00 au 19:00. "Hadi" ndiyo inayoharibu zaidi, kwa sababu inaelekeza kwenye ukomo, na ukomo wa kawaida ni saa ya ukutani. Nikarudi kwenye karatasi nzima na kalamu nyekundu na nikakuta mengine manne ya aina hiyo. "Fika saa mbili kabla ya ndege." "Magari ya ziada kila saa mbili." "Taarifa itolewe saa sita kabla." "Simu ya mapokezi ipo hadi saa sita." Huo wa mwisho ulikuwa kinyume: asili ilimaanisha kweli usiku wa manane, lakini katikati ya wenzake ungeweza kusomwa kama muda.

Wengi wanatenganisha kwa kusema *masaa*, masaa mawili kwa muda na saa mbili kwa ukutani. Nalisikia kila siku na silidharau. Lakini kwa moja halisaidii, na walimu wengi wa Kiswahili wanalikataa, kwa hiyo sikutaka karatasi ibishaniwe kwa jambo hilo. Suluhisho rahisi: muda wote unaandikwa kwa dakika. Dakika 60, dakika 120. Neno "saa" linabaki kwa saa ya ukutani peke yake. Kwa muda mrefu ambao dakika zake hazishikiki, kama ile taarifa ya kabla, nimefunga kwa tukio: "Toa taarifa kabla ya saa kumi na mbili jioni (18:00) ya siku inayotangulia." Meneja alikubali badiliko hilo la sharti, si langu kuliamua, nilimwandikia na akajibu siku hiyohiyo.

Nimerudia kusoma kila neno "saa" kwenye karatasi. Yako 31. Kila moja nimeliuliza swali moja tu: linaweza kuonyeshwa kwenye ukuta? Lisiloweza limekuwa dakika.

## Alhamisi, 18 Septemba: Kusubiri kunaanza lini

Kusema dakika 60 hakutoshi mpaka useme zinahesabiwa tangu lini. Karatasi ya Kiingereza inasema "baada ya kuwasili". Mzee wa Koasta alinisimulia kisa cha mwezi uliopita, nikakiandika na saa zake.

Mgeni wa Mwanza, tiketi inaonyesha kutua 14:10. Ndege ilichelewa, ikatua 14:50. Mizigo ikachukua muda, mgeni akatoka mlangoni 15:20. Dereva aliyekuwepo siku hiyo alihesabu dakika 60 tangu saa ya tiketi, akaondoka 15:10. Mgeni alitoka dakika kumi baadaye, hakukuta gari, akalipa teksi, na akaja mapokezi amekasirika. Kwa hesabu yake, gari lilipaswa kukaa mpaka 16:20, yaani dakika 60 tangu atoke mlangoni. Na kwa anayehesabu tangu gurudumu kugusa ardhi, jibu ni 15:50. Neno moja limezaa majibu matatu, na kila mmoja alikuwa mkweli.

Nilimpelekea meneja saa hizo tatu na kumwomba achague moja, kwa kuwa mfasiri hana haki ya kuchagua. Akachagua ndege kutua, kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo dereva na mgeni wote wanaweza kuithibitisha kwenye ubao wa uwanja. Papo hapo akatenganisha ndege za ndani na za nje: wa ndani anachukua begi na kutoka, wa nje anapita uhamiaji na forodha, na mfanyabiashara mwenye mizigo anakaa forodhani zaidi. Maneno ya sasa ni haya:

"Dereva anasubiri dakika 45 tangu ndege ya ndani ilipotua, na dakika 90 tangu ndege ya nje ya nchi ilipotua. Saa ya kutua ni ile inayoonyeshwa kwenye ubao wa uwanja, si ile ya tiketi. Ndege ikichelewa, gari nalo linasogezwa. Huhitaji kupiga simu."

Mstari wa pili nimeuweka kwa herufi nene. Kisa cha Mwanza kikirudi leo, dereva atakaa mpaka 15:35, saa tisa na dakika thelathini na tano mchana, na mgeni wa 15:20 atamkuta.

Mahali pa kusubiri napo palikuwa hapajatajwa. Ndege za ndani zinatumia Jengo la Pili na za nje Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa 2019. Karatasi ilisema "kwenye mlango wa kutokea" tu, kana kwamba uwanja una mlango mmoja. Sasa kila mstari wa kusubiri umetaja jengo.

Kwa upande wa hoteli sharti lilikuwa "gari linasubiri dakika 5". Hapa wageni walichukulia kwamba saa ya ratiba ni saa ya kushuka chumbani. Nimeandika: "Saa ya ratiba ni saa ambayo gari linaanza kutembea. Uwe umepakia mizigo dakika 15 kabla." Zile dakika 5 meneja ameziondoa kwenye karatasi. Dereva atatumia busara, lakini mgeni hataahidiwa.

Jambo moja kuhusu wageni wa Lubumbashi na Bujumbura. Huko saa iko nyuma ya Dar es Salaam kwa dakika 60. Simu isiyo na mtandao inabaki na saa ya nyumbani: inaonyesha 04:45 wakati gari la 05:45 linaanza kutembea. Juu kabisa ya karatasi nimeweka: "Saa zote ni za Dar es Salaam. Linganisha simu yako na saa ya ukutani iliyo mapokezi." Nilikuwa nimeanza kuandika "sogeza mbele saa moja", nikaikamata mwenyewe safari hii.

## Jumatatu, 22 Septemba: Nauli

Nauli nilidhani ni tarakimu tupu. Kwenye gari la pamoja, karatasi ya Kiingereza ina safu mbili: ya safari moja, Sh 15,000, na ya kwenda na kurudi, Sh 25,000. Safu ya pili niliiita "Nauli ya kurudi". Mhasibu wa hoteli akaniuliza kwa nini kurudi ni ghali kuliko kwenda. Kwa Kiswahili, nauli ya kurudi ni ya mguu wa kurudi peke yake, na mgeni angejumlisha 15,000 na 25,000 akapata 40,000. Sasa inasomeka "Kumpokea NA kumpeleka, jumla ya safari mbili: Sh 25,000". Nimetumia kupokea na kupeleka badala ya kwenda na kurudi, kwa sababu mgeni anayetua Dar anaanza kwa kuja, na "kwenda" yake ni ya mwisho.

Nyingine nazitaja kwa kifupi. Kila bei imeandikwa "kwa kila abiria" (Koasta) au "kwa gari zima, abiria wasiozidi watano" (Noah). Mwanzoni neno hilo lilikuwa kwenye kichwa cha jedwali tu na watu hawasomi kichwa. Umri wa watoto: chini ya miaka 3 hawalipi, miaka 3 hadi 11 nusu nauli, kuanzia miaka 12 nauli kamili, kwa hiyo hakuna umri uliobaki katikati. Bei ya usiku ya Noah ni kati ya 22:00 na 05:00, na tumeongeza kwamba inaangaliwa saa ya kuondoka. Anayeondoka 21:50 na kufika 22:30 analipa ya mchana.

Kilichobaki ni malipo ya kusubiri kwa Noah ya kukodi: Sh 5,000 kwa kila nusu saa "au sehemu yake". Hayo maneno "au sehemu yake" niliyatafsiri neno kwa neno, na wasomaji watatu kati ya watatu walidhani sehemu ya nusu saa inalipiwa sehemu ya bei. Maana halisi ni kinyume. Imekuwa: "Kila dakika 30 zikianza tu, zinalipiwa zote", na mfano chini yake: "Ndege ya ndani imetua 14:50. Kusubiri bila malipo kunaisha 15:35. Ukitoka 16:15 umezidisha dakika 40: dakika 30 za kwanza zimeisha, 30 za pili zimeanza. Utalipa 5,000 mara mbili, Sh 10,000."

## Ijumaa, 26 Septemba: Kubandika, na gharama

Karatasi za ukutani ni saizi A3, za vyumbani A5. Mistari ya ratiba inaonekana hivi:

```
04:30  saa kumi na nusu alfajiri
05:45  saa kumi na moja na dakika arobaini na tano alfajiri
08:00  saa mbili asubuhi
11:00  saa tano asubuhi
14:00  saa nane mchana
17:00  saa kumi na moja jioni
20:00  saa mbili usiku
00:30  saa sita na nusu usiku (usiku wa kuamkia tarehe ya tiketi)
```

Safu ya tatu ya Kiingereza, ya saa ya kufika uwanjani, nimeitoa kwa ruhusa ya meneja. Barabara ya Nyerere haina muda mmoja: mzee wa Koasta anasema usiku anatumia dakika 30, na jioni foleni ya Tazara imewahi kumweka dakika 90. Saa iliyoandikwa ingekuwa ahadi, na wageni wawili walikuwa wameisoma kama saa ya kuondoka.

Matumizi: nakala za majaribio Sh 9,500 kwa raundi tano, A3 nne pamoja na laminesheni Sh 16,000, za vyumbani 38 Sh 30,400, soda za waliosoma rasimu Sh 8,000. Jumla Sh 63,900, hoteli imelipa zote isipokuwa soda. Muda wangu ni siku kumi na moja, nilizopangia moja.

## Jumamosi, 18 Oktoba: Wiki tatu baadaye

Nimepita mapokezi kuuliza. Hakuna aliyekosa gari la 00:30 tangu tubandike. Kabla ya hapo dada wa mapokezi alikuwa na visa viwili kwenye daftari la Agosti. Wa alfajiri mmoja amechelewa, ila huyo alilala tu.

Tatizo jipya limetoka kwa madereva. Ujumbe wao wa simu kwa wageni bado wanaandika kwa mazoea: "Boss gari saa 11 kamili". Saa 11 hiyo inaweza kuwa 11:00, 17:00 au 05:00, na ratiba ina gari la 11:00 na la 17:00. Tumewatengenezea ujumbe wa kunakili, wanabadilisha saa na siku tu: "Gari lako linaanza kutembea 17:00, saa kumi na moja jioni, leo Jumamosi. Uwe mapokezi na mizigo 16:45." Mzee wa Koasta ameubandika kwenye dashibodi. Dereva wa Noah anasema ni mrefu. Jumatatu nitakaa naye tuufupishe bila kutoa ile safu ya maneno.